Ganda jeusi, mfupani mbichi: kisa cha kuku wa rojo aliyegoma kuiva sawa

Hali ilivyokuwa

Huyu dada nitamwita mpishi tu, jina na mahali nimeviacha makusudi, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili asijulikane. Anapika chakula cha oda na mdogo wake wa kiume anamsaidia kwenye kukaanga. Kuku wa kukaanga wa kawaida, wa kupaka viungo na kuzamisha kwenye mafuta, hakuwahi kumsumbua hata siku moja. Shida ilianza alipoongeza kuku wa rojo, yule anayechovywa kwenye rojo la unga anaingia kwenye mafuta na koti lake mwilini.

Malalamiko yakaja ya aina mbili na zilikuwa zinapingana. Wiki ya kwanza watu wanasema nje kaungua na ndani ana damu. Wiki ya pili wanasema kakauka, unatafuna mpaka taya zinachoka, alafu ganda lenyewe laini limelowa mafuta. Kuku walewale, jiko lilelile, mkono uleule. Ndo akanipigia: "Kaka, nikiweka moto mkubwa anaungua, nikipunguza anakauka, sasa mi niuweke wapi huo moto?"

Swali zuri sana kumbe, maana jibu lake ni kwamba hakuna sehemu moja ya kuuweka. Ila tulichukua siku mbili jikoni kulifikia hilo.

Vifaa vyake vilikuwa hivi: sufuria pana yenye lita 2 za mafuta ya alizeti, jiko la gesi la nyumbani, koleo, na tishu za kuchujia. Kipimajoto hana. Kuku ni wa kilo 1.3 hivi anakatwa vipande 8 na mifupa yake, mapaja mawili, miguu miwili, mabawa mawili na vidari viwili, na kila kidari ni nusu nzima, dude nene kabisa. Rojo lake lilikuwa vikombe viwili vya unga wa ngano, yai moja, maziwa kikombe kimoja na nusu, viungo vya unga na kijiko kikubwa cha sukari. Kuku anatoka kwenye friji akiwa na maji ya viungo yanachuruzika anaingia kwenye rojo, kutoka kwenye rojo anaingia kwenye mafuta.

Alivyohangaika kabla hajanipigia

Mwanzo alikuwa anapasha mafuta mpaka yanaanza kutoa moshi kwa mbali, anaweka vipande vinne, na ndani ya dakika saba ganda lina rangi ya kahawia iliyoiva sana, anatoa. Anaamini rangi ndo uivaji. Hapo ndo wakapatikana wale wa damu.

Akaogopa, akashusha moto. Kwa kuwa moto mdogo unachukua muda mrefu na oda zinasubiri, akaanza kujaza vipande vyote 8 kwa mpigo. Hapo wakapatikana wale wa kukauka na kulowa mafuta.

Jaribio la tatu alilopewa na rafiki yake lilikuwa kuchemsha kuku kwanza dakika 20, alafu ndo achovye na kukaanga kwa moto mkubwa, akili yake ikiwa ndani tayari kameiva kwa hiyo kazi inabaki ganda tu. Wazo lenyewe sio la kijinga, ila kipande kilichotoka kwenye maji ya moto kina ngozi inayoteleza na kimelowa kila upande, na rojo halishiki mahali pana utelezi. Nusu ya rojo ikabaki kwenye sufuria inaelea kama vipande vya maandazi, na lililobaki kwenye kuku lilivimba likaacha uwazi katikati, ukiuma tu linavuka lote kama soksi. Na nyama ikawa imeshapoteza maji yake mara moja kwenye kuchemshwa, ikaenda kupoteza tena kwenye mafuta.

Siku ya kwanza: kupima tu, bila kurekebisha kitu

Nilienda na vipimajoto viwili vya kuchoma, kimoja cha mafuta na kimoja cha nyama. Nikamwambia dada apike anavyopika siku zote, mi nitakaa pembeni naandika. Watu wengi wakiitwa kusaidia wanaanza kubadilisha kila kitu siku ileile, mwisho wa siku hujui kilichosaidia ni kipi.

Njia ya moto mkubwa: mafuta yalikuwa digrii 195 vipande vinne vilipoingia, yakashuka mpaka 165, na kwa kuwa gesi ilikuwa imefunguliwa yote yakapanda tena mpaka 185. Dakika ya saba ganda lilikuwa limeenda kwenye kahawia nzito kabisa. Nikachoma paja karibu na mfupa bila kugusa mfupa wenyewe, ikasoma 54. Kuku anatakiwa afike walau 74 sehemu nene kuliko zote ndo awe salama kuliwa, kwa hiyo hapo tulikuwa mbali mno, na mtu anayeangalia rangi peke yake angesema kameiva saa nyingi.

Njia ya moto mdogo: mafuta digrii 160, vipande 8 vikaingia vyote. Ndani ya dakika tatu mafuta yakawa 118. Mdogo wake alishtuka, akasema "lakini dada mbona yanachemka?" Ni kweli yalikuwa yanatoa povu, ila ile ni maji ya kwenye kuku na rojo yanageuka mvuke, sio dalili kwamba mafuta yana moto wa kutosha. Ilichukua zaidi ya dakika kumi kurudi 140. Ganda likawa linasitasita kupata rangi, wao wanasubiri rangi, dakika zinaenda, wakatoa kwenye dakika ya 26. Paja likasoma 84. Kidari kikasoma 91.

Hizo namba mbili za mwisho zilinifanya nimuulize swali ambalo hakuwahi kujiuliza, wale waliolalamika ukavu walikula kipande gani? Akafungua simu akasoma meseji moja moja. Waliotaja kipande wote walikuwa wamepewa kidari. Hakuna hata mmoja wa paja.

Kinachoendelea ndani ya sufuria

Hapa nakaa kidogo, maana usipoelewa hii sehemu hutajua maamuzi yetu yalitoka wapi.

Ganda na nyama vinapikwa na vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina saa yake. Ganda linakuwa krispi pale maji yake yanapoisha. Wakati rojo bado lina maji, joto lake haliwezi kwenda mbali na digrii 100 hata mafuta yawe 190, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke yanalipooza. Maji yakishapungua ndo joto la ganda linapanda, linakauka, linapata rangi. Kwa hiyo ganda linataka mafuta ya moto mkali na linaweza kumalizana na wewe ndani ya dakika chache.

Nyama haiko hivyo. Joto linaingia polepole kutoka nje kwenda mfupani, na ukiongeza moto wa mafuta hulisukumi kwa kasi ileile uliyoongeza. Mafuta yakitoka 160 kwenda 190 ganda linaungua mapema sana, lakini katikati ya paja unaokoa dakika chache tu. Kinachoamua zaidi ni unene wa kipande, na kipande kikiwa kinene mara mbili kinahitaji zaidi ya mara mbili ya muda. Pia kuku aliyetoka kwenye friji akiwa digrii 4 ana safari ndefu kuliko aliyekaa nje nusu saa.

Alafu kuna tofauti ya nyama yenyewe. Kidari kikipita 74 kwenda juu kinazidi kubana na kukamua maji, kikifika 80 na kitu tayari umeshakipoteza. Paja na mguu vina tishu ngumu za kuunganisha ambazo zinataka joto zaidi ndo zilegee, kwenye 80 mpaka 85 paja ndo linakuwa tamu, linaachia mfupa. Sasa wewe ukiweka kidari kizima na paja sufuria moja, dakika zilezile, lazima mmoja aumie, na siku zote anaumia kidari.

Na mafuta kulowa kwenye ganda? Wakati mvuke unatoka kwa nguvu mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mvuke ukiwa dhaifu, kama pale kwenye 118, rojo linachelewa kushika, linabaki laini lina matundu, na ukishatoa kuku ule mvuke uliobaki ndani unapoa na kuvuta mafuta yaliyoko juu yaingie ndani. Ndo maana ukitoa kipande kikung'ute palepale juu ya sufuria, usikilaze kwanza kwenye dimbwi lake.

Siku ya pili: tulichobadilisha na sababu zake

Tulianza na rojo. Sukari, maziwa na yai vyote vinaharakisha rangi, kwa hiyo lile rojo lake lilikuwa linamdanganya, linafika kahawia wakati kazi ya kukauka haijaisha. Ukila lile ganda la dakika saba lilikuwa jeusi nje, ndani yake bado linanata kama mkate mbichi. Tukatoa vyote vitatu. Rojo jipya likawa gramu 150 za unga wa ngano, gramu 100 za konflawa, kijiko kidogo cha beking pauda, kijiko kidogo cha chumvi na maji ya baridi kama mililita 300, unaongeza kidogo kidogo mpaka rojo linapaka mgongo wa kijiko na kudondoka kwa uzi usiokatika. Konflawa haina ule mnato wa ngano kwa hiyo inakauka ikawa krispi badala ya ngumu. Beking pauda inatengeneza vipovu, na maji ya baridi pamoja na kukoroga kidogo tu vinazuia ngano isivute sana. Mabonge madogo hayana shida, usiyahangaikie.

Viungo tuliviondoa kwenye rojo tukavirudisha kwenye nyama. Vitunguu saumu vya unga na pilipili ya unga vikikaa nje kwenye mafuta ya moto vinaungua na kuleta uchungu. Kuku akawekwa chumvi na viungo jana yake usiku, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa kuku mzima wa kilo 1.3. Chumvi ikipata masaa ya kuingia inasaidia nyama kushikilia maji yake, na hiyo ni kinga ndogo kwa kidari endapo kitapitiliza digrii mbili tatu.

Kabla ya rojo tukamfuta kuku kwa tishu mpaka mkono ukigusa hauteleziki, tukampaka konflawa kavu safu nyembamba, tukakung'uta, ndo akaingia kwenye rojo, akanyanyuliwa na kuachwa achuruzike kwa sekunde kumi. Hii konflawa ya katikati ndo gundi. Ukiiruka utarudi kwenye soksi.

Vidari tukavikata kila kimoja vipande viwili, kwa kukatiza mfupa, unene ukakaribiana na wa mguu. Mafuta yakaongezwa mpaka lita 3, sufuria ikawa haijazidi nusu maana povu likipanda likamwagikia moto hapo unatafuta balaa jingine, na vipande vinne tu kwa mkupuo.

Baada ya hapo ikabaki swali la moto. Mi mwanzoni nilitaka kukaanga mara moja tu, mafuta yakae 160 mpaka 165 kwa dakika 14 au 15. Ni njia nzuri na kwa mtu anayekula hapohapo inatosha kabisa. Tuliijaribu, paja likafika 79, ganda lilitoka zuri, tukafurahi. Baada ya dakika sita au saba tukalibonyeza, laini. Nyama iliyoiva inaendelea kutoa mvuke, ule mvuke unapita kwenye ganda na kulilainisha kutoka ndani, na chakula cha huyu dada kinasafiri nusu saa kabla hakijafunguliwa. Kwa hiyo nikakubali yaishe, tukaenda kwenye kukaanga mara mbili.

Mkaango wa kwanza ni wa nyama. Mafuta yanaanzia 175, vipande vinne vikiingia yanashuka mpaka kwenye 155, na kazi ya mtu wa gesi ni kuyaweka kati ya 155 na 160 basi. Mapaja na miguu dakika 12 hivi mpaka karibu na mfupa pasome 74. Vipande vya kidari dakika 8 au 9, vinatolewa vikiwa 66. Mabawa dakika 8, hayo hayana makuu. Ganda hapa linatoka la rangi ya majani makavu, na ndivyo linavyotakiwa, usishawishike kuliongeza.

Alafu kuku anapumzika juu ya wavu dakika 8. Sio kwenye tishu, kwenye tishu upande wa chini unalala kwenye mvuke wake wenyewe. Wakati wa kupumzika joto lililoko nje linaendelea kwenda ndani, kidari kinajipandisha chenyewe mpaka 69 au 70, na maji ya nyama yanasogea kwenye ganda. Ukiligusa limelainika, mdogo wake alidhani tumeharibu. Ila hayo ndo maji tunayotaka kuyafukuza, bora yatoke sasa kuliko yatoke kwenye boksi la mteja.

Mkaango wa pili ni wa ganda peke yake. Mafuta 190, vipande vinne, yanashuka mpaka 175 hivi, dakika mbili hadi mbili na nusu. Muda ni mfupi kiasi kwamba ndani hapapandi sana, kidari kikaishia 75 au 76, paja 82. Rangi inakuja haraka mno kwa hiyo hapa hakuna kujibu simu. Sikio linasaidia pia, mwanzoni sauti ni ya fujo, vipovu vikubwa, baadaye inageuka kuwa nyembamba na vipovu vinakuwa vidogo na vichache, hapo maji ya ganda yamekwisha, toa.

Tulihakikisha kidari kinafika walau 74 mwishoni, kila mkupuo kipande kimoja kinachomwa. Hiyo 66 ya katikati sio uivaji, ni kituo cha njiani tu. Kipande kikipungua kinarudi kwenye mafuta ya 160, hakirudi kwenye 190.

Matokeo, na siku ilipoharibika

Wiki mbili za kwanza zilienda vizuri. Ganda lilikaa krispi kama dakika 25 juu ya wavu, kidari hakikuhitaji maji ya kusindikizia, na muda wa kupika kuku mmoja ulikuwa mrefu kuliko zamani lakini hakuna kilichorudishwa.

Alafu ikaja oda ya vipande 40 kwa siku moja. Dada akafikiria vizuri tu kwamba afanye mkaango wa kwanza wote mapema, wageni wakifika afanye wa pili. Akanipigia katikati ya kazi kuuliza kitu kingine kabisa, kuhusu mafuta kuwa meusi, ndo katika kuongea nikagundua vipande 16 vya mwanzo vimekaa mezani karibu masaa matatu, jikoni kwa joto, vikiwemo vidari vilivyotolewa kwenye 66. Nikamwambia hivyo usivirudishe kwenye mafuta, tupa. Alinyamaza kidogo. Akauliza si moto wa 190 utaua vijidudu? Vijidudu ndiyo, lakini kuna bakteria wanaoacha sumu kwenye chakula ambayo moto hauiondoi, na nyama iliyokaa vuguvugu muda wote huo ndo shamba lao. Akatupa vyote 16, akapika vingine, wageni wakasubiri.

Hili ni kosa langu zaidi kuliko lake. Nilimpa dakika 8 za kupumzika kama kitu cha ganda, sikumwambia kwamba ule muda una mwisho kiusalama. Tukaweka utaratibu, kati ya mkaango wa kwanza na wa pili isizidi nusu saa. Kama kweli anataka kutanguliza kazi, basi mkaango wa kwanza apeleke kila kipande mpaka 74 kamili, kipoe haraka kikiwa kimetawanywa, kiingie kwenye friji, na kwenye mkaango wa pili atumie 170 mpaka kipimajoto kisome 74 tena, kwa sababu sasa ndani ni baridi. Kidari cha namna hiyo kitakuwa kikavu kuliko cha kupikwa kwa mfululizo, hilo nilimwambia wazi, kwa oda kubwa bora apike mapaja na miguu peke yake.

Yale mafuta meusi aliyokuwa anaulizia yalikuwa ni makombo ya rojo yanayodondoka na kubaki chini yakiungua mkupuo baada ya mkupuo. Yanatia uchungu na yanawahisha rangi ya ganda, kwa hiyo hata saa zako zote zinakuwa uongo. Mwiko wa matundu kila baada ya mkupuo, na kuchuja mafuta yakishapoa, vilitosha.

Kilichofanya kazi na ambacho hakikufanya

Ukiniuliza kitu kimoja kilichobadilisha kisa hiki, watu wanatarajia niseme kukaanga mara mbili. Mi nasema ni kukata kidari vipande viwili na kukipa dakika zake. Ukavu wote uliokuwa unalalamikiwa ulikuwa hapo, na ungeendelea hata kwa mikaango mitatu. Kukaanga mara mbili kulitatua kitu kingine, ganda kulainika njiani. Mtu anayepika nyumbani na kula palepale anaweza kuuacha mkaango wa pili asipoteze kitu kikubwa, ila akiacha kidari kizima sufuria moja na paja atajuta.

Rojo kuondolewa sukari na maziwa lilikuwa la pili kwa uzito. Kabla ya hapo rangi ilikuwa inakuja mapema inamkimbiza mpishi atoe, na mpishi akikimbizwa na rangi hana la kufanya isipokuwa kushusha moto, na akishusha moto anaangukia shimo la pili. Malalamiko yale mawili yaliyokuwa yanapingana yalikuwa na mzizi mmoja.

Kipimajoto nacho kilisaidia, ingawa niliona kinaweza kudanganya. Mara mbili mdogo wake alisoma 80 na kitu kwenye paja ambalo halijaiva kwa sababu mara moja ncha iligusa mfupa na mara nyingine ilitokea upande wa pili karibu na ganda. Choma sehemu nene, ncha isimamie katikati ya nyama, na ukiona namba inakushangaza choma tena sehemu nyingine, chukua ile ndogo kuliko zote. Siku betri ilipoisha walitumia tone la rojo kupima mafuta, kwenye 160 hivi linazama kidogo kisha linapanda taratibu, kwenye 190 linaruka juu papohapo na kuanza kupata rangi. Inafaa kwa mafuta. Kwa ndani ya nyama hakuna mbadala wa namna hiyo ninaouamini.

Na lile la damu halikuisha kabisa. Wateja wawili walirudi tena na picha ya wekundu pembeni ya mfupa wa paja, wakati daftari linaonyesha mkupuo ule ulifika 82. Hawa kuku wa kisasa wanachinjwa wadogo, mifupa yao bado ina vitundu vidogo vidogo, na rangi ya uboho inavuja kwenye nyama ya karibu na kubaki nyekundu au zambarau hata nyama ikiwa imeiva. Namna ya kutofautisha ni kuitazama nyama yenyewe na kuacha ile rangi, iliyoiva imepoteza ule mng'ao wa kioo na inaachia mfupa kwa nyuzi, mbichi inang'aa, inavutika kama mpira na imeng'ang'ania mfupa. Mmoja alielewa, mwingine hakuelewa, akarudishiwa hela yake. Dada sasa kwa wateja wageni anatanguliza mguu na bawa, paja analitoa kwa waliozoea.

Kilichobaki kumsumbua ni boksi. Ganda lililokaa dakika 25 juu ya wavu lilikuwa linalainika ndani ya dakika kumi likifungiwa, kwa sababu mvuke hauna pa kwenda. Akaanza kutoboa matundu manne kwenye mfuniko, na kumwacha kuku apoe dakika tano kabla ya kufunga. Sasa anapata kama dakika 20.